Kampuni Isiyo na Ajali: Usalama, Bahati au Ukimya?

Mwaka 1898 mtakwimu Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha kitabu kidogo kuhusu tabia ya namba ndogo. Mfano uliokifanya kikumbukwe hadi leo ni wa askari wa jeshi la Prusia waliouawa kwa mateke ya farasi. Alipitia kumbukumbu za miaka 20, kuanzia 1875 hadi 1894, na baada ya kuweka kando vikosi vichache vyenye muundo tofauti, alibaki na vikosi 10 vinavyofanana. Vikosi 10 kwa miaka 20 ni sawa na kurasa 200, kila ukurasa ukiwa wa kikosi kimoja na mwaka mmoja. Katika kurasa 109 hakufa mtu. Katika kurasa 65 alikufa mmoja, katika 22 walikufa wawili, katika tatu walikufa watatu, na katika ukurasa mmoja walikufa wanne.

Sasa mweke jemadari mbele ya kurasa hizo. Kikosi kimoja kimemaliza mwaka bila kifo, cha jirani kimezika watu wanne. Atataka kumpongeza kamanda wa kwanza na kumwita wa pili ajieleze. Lakini Bortkiewicz alikuwa amefanya hesabu nyingine. Alijiuliza: kama hatari ingekuwa ileile kabisa katika kila kikosi na kila mwaka, bahati peke yake ingeyagawaje mateke hayo? Jibu ni kwamba zingepatikana kurasa 109 zisizo na kifo, 66 zenye kifo kimoja, 20 zenye viwili, na nne hivi zenye vitatu. Linganisha na zile za kweli. Hakuna chochote katika namba zile kinacholazimisha kuamini kwamba kamanda mmoja alikuwa makini kuliko mwenzake.

Kosa ambalo jemadari angelifanya linafanyika leo kila mahali ambapo meneja analinganisha kampuni kwa viwango vya ajali: kwenye kamati za zabuni, kwenye tuzo za usalama, kwenye ripoti za robo mwaka. Na kuna tofauti moja inayoongeza uzito wa jambo hili. Kifo cha askari hakikuweza kufichwa, ila kidole kilichopondeka kiwandani kinaweza.

Kwanza tuone kiwango chenyewe kinavyopatikana. Kampuni yenye watu wengi itakuwa na ajali nyingi, kwa hiyo idadi tupu haitoshi kulinganishia. Njia inayotumika sana, iliyoenezwa na taratibu za Marekani, ni kuchukua idadi ya waliojeruhiwa, kuizidisha kwa 200,000, kisha kuigawanya kwa jumla ya saa zilizofanywa kazi. Namba 200,000 ni saa za watu 100 wanaofanya kazi saa 40 kwa wiki kwa wiki 50. Jibu basi linasomeka kama majeruhi kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwaka. Shirika la Kazi Duniani hutumia saa milioni moja badala ya 200,000, lakini wazo ni lilelile. Ni njia ya haki, ila inamfanya msomaji asahau jambo moja: kiwango kikishaandikwa, idadi iliyokizaa haionekani tena. Kiwango cha 6.7 kinaweza kuwa kimetokana na majeruhi 80 au na mtu mmoja.

Tuseme mjenzi mkubwa anatafuta mkandarasi mdogo wa kuezeka paa, na kila mwombaji ana wafanyakazi 15. Watu 15 wanafanya saa 30,000 hivi kwa mwaka. Tuseme pia kwamba kazi hiyo, kama inavyofanywa na kampuni hizi zote, ina kiwango halisi cha majeruhi 4 kwa kila watu 100. Hakuna kampuni iliyo salama kuliko nyingine, zote zina ngazi zilezile na mafundi wenye ujuzi uleule. Kwa watu 15, wastani ni majeruhi 0.6 kwa mwaka, karibu sawasawa na wastani wa mateke ya farasi kwa kikosi kimoja cha Prusia. Kwa hiyo tunajua kitakachotokea. Wakija waombaji 20, takribani 11 wataleta karatasi yenye sifuri. Sita au saba wataleta jeraha moja, na kiwango chao kitasomeka 6.7. Wawili hivi watakuwa na majeruhi wawili, na kiwango chao kitaruka hadi 13.3. Kamati itawapa alama za juu wale 11, itawasita wale wa kati, na itawatupa nje wawili wa mwisho kama watu wa hatari. Na yote hayo yatatokea ilhali kampuni zote 20 ni sawa.

Weka pembeni yao kampuni moja kubwa ya kazi hiyohiyo, yenye watu 1,200 na kiwango halisi kilekile cha 4. Wastani wake ni majeruhi 48 kwa mwaka. Bahati itaisogeza namba hiyo, mwaka mmoja 41, mwaka mwingine 55, lakini mara nyingi sana kiwango kitabaki kati ya 3 na 5 na kidogo. Kampuni hii haiwezi kupata sifuri. Haiwezi pia kupata 13. Ndiyo maana kwenye orodha yoyote inayochanganya kampuni kubwa na ndogo, wanaoongoza ni wadogo, na wanaoshika mkia ni wadogo pia. Wakubwa hukaa katikati. Meneja anayesoma juu ya orodha peke yake ataamua kwamba udogo ni usalama. Anayesoma chini peke yake ataamua kinyume. Wote wawili wanaangalia ukubwa wa kampuni wakidhani wanaangalia usalama.

Mtego huu huwakamata hata wale wasiojilinganisha na yeyote. Kiwanda cha samani kilikuwa na majeruhi wanne mwaka jana, mwaka huu wawili. Ripoti inasema ajali zimepungua kwa asilimia 50, na msimamizi anapewa bonasi. Tupime. Majeruhi kwa jumla ni sita. Kama hali ya kiwanda haikubadilika hata kidogo, kila mmoja kati ya sita angeweza kuangukia mwaka wowote kati ya hii miwili, sawa na kurusha shilingi. Rusha shilingi mara sita. Uwezekano wa kupata mgawanyiko wa nne kwa mbili, au uliopinda zaidi ya huo upande wowote, ni 44 kati ya 64, yaani karibu asilimia 69. Maana yake ni kwamba kiwanda ambacho hakikubadilisha chochote kitaonyesha anguko au ongezeko la ukubwa huo mara nyingi kuliko kutolionyesha. Bonasi ile imelipwa kwa shilingi iliyoanguka vizuri, na mwaka ujao karipio litatolewa kwa shilingi hiyohiyo ikianguka vibaya.

Je, sifuri ya kampuni ndogo haina maana kabisa? Ina maana, lakini ndogo kuliko inavyoonekana. Watakwimu wana kanuni nyepesi hapa: ukiona sifuri, chukua namba 3 kama kikomo cha juu cha wastani ambao ungeweza kuzaa sifuri hiyo bila kustaajabisha. Kwa saa 30,000, watatu ni sawa na kiwango cha 20. Hivyo mkandarasi wa watu 15 aliyemaliza mwaka bila jeraha ametuthibitishia tu kwamba kiwango chake halisi pengine hakizidi 20 kwa kila watu 100, na 20 ni hali mbaya mno. Ili sifuri yake ituambie kwa uhakika wa kuridhisha kwamba yuko chini ya 4, anahitaji saa 150,000. Kwa watu wake 15 hiyo ni miaka mitano mfululizo bila jeraha hata moja.

Mwaka 2020 watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha uchunguzi wa kampuni za ujenzi uliotumia kumbukumbu za miaka 17 na zaidi ya saa trilioni 3 za kazi. Waliuliza swali moja: mabadiliko ya kiwango cha ajali kutoka kipindi hadi kipindi ni ya bahati kwa kiasi gani? Walipata asilimia 96 hadi 98. Walishauri pia kwamba kiwango hicho kisiandikwe kwa desimali moja wala mbili, kwa sababu desimali hizo zinajidai kuwa na usahihi ambao haupo. Nakubaliana nao. Mtu anayeandika 6.67 kwa sababu ya fundi mmoja aliyejikata anadanganya bila kukusudia.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila jeraha linaandikwa. Haliandikwi. Ni vizuri kufuata jeraha moja tuone linavyopotea njiani.

Fundi anakatwa kiganja na bati. Akiwa kibarua wa siku, anajua kwamba akilalamika kesho hataitwa, hivyo anafunga kitambaa na kuendelea. Akimwambia nyapara, nyapara anakumbuka kwamba mwisho wa mwezi kuna zawadi kwa timu isiyo na ajali, na anamwomba avumilie. Akifika zahanati, matibabu yenyewe yanaamua kama ataingia kwenye hesabu. Chini ya kanuni za Marekani, ambazo kampuni nyingi za kimataifa huzifuata, kidonda kilichobanwa kwa plasta ni huduma ya kwanza na hakihesabiwi, ila kidonda kilekile kikishonwa uzi kinahesabiwa. Tofauti ni sindano. Na mahali ambapo kinachohesabiwa ni siku za kukosa kazi, majeruhi huletwa kazini kesho yake na kuketishwa getini aandike majina ya wageni, na siku haikupotea. Mwisho kabisa, kama alikuwa mtu wa mkandarasi mwingine, jeraha lake linasemwa si letu, hata kama saa zake zilikuwa zimeshajumlishwa kwenye saa zetu.

Katika kila kituo cha njia hiyo kampuni kubwa ina kizuizi kidogo zaidi cha kupoteza jeraha. Ina afisa usalama ambaye kazi yake ni kuandika, ina muuguzi mwenye daftari, ina chama cha wafanyakazi, ina bima inayodai fomu. Kampuni ya watu 15 ina mwenye mali na simu yake. Kwa hiyo upotevu haugawanyiki sawa. Unaegemea upande wa wadogo, yaani upande uleule ambao bahati tayari imeupa sifuri nyingi.

Ushahidi wa hili ni mpana. Takwimu za serikali ya Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba maeneo ya kazi yenye watu wasiozidi 10 yana viwango vya chini vya majeruhi, na kwamba vya juu viko kwenye maeneo ya ukubwa wa kati. Ukiishia hapo utasema karakana ndogo ni salama. Lakini uchunguzi wa taasisi ya RAND uliochapishwa 2006, ulioangalia vifo, ulikuta kinyume: uwezekano wa mfanyakazi kufa uko juu zaidi kwenye maeneo madogo. Mahali ambapo watu wanakufa zaidi hapawezi kuwa mahali ambapo hawakatwi wala hawaanguki.

Mchoro huohuo unaonekana Ulaya kwa kipimo cha nchi. Romania na Bulgaria huripoti viwango vya majeruhi wasiokufa vilivyo miongoni mwa vya chini kabisa katika Umoja wa Ulaya, huku vifo vyao kazini vikiwa miongoni mwa vya juu. Ujerumani huripoti majeruhi wengi na vifo vichache. Haiwezekani kwamba mwanguko wa Romania ama unaua ama haumdhuru mtu. Ofisi ya takwimu ya Ulaya yenyewe huonya kwamba mahali ambapo bima humlipa mfanyakazi vizuri akiripoti, ripoti huja, na mahali ambapo hakuna faida ya kuripoti, haziji.

Kwetu Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, na Kenya kuna sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007. Mfumo wa fidia unampa meneja daftari la pili, lisiloandikwa na msimamizi wake. Madai ya fidia yakiwa mengi kuliko mistari ya daftari la ajali la kampuni, basi daftari la kampuni ndilo lenye kasoro. Vibarua wengi, hata hivyo, hawafiki kwenye daftari lolote kati ya hayo mawili.

Bahati na ukimya vinapokutana, hata dawa niliyoitaja awali inaharibika. Nilisema miaka mitano bila jeraha inatosha kumtofautisha mkandarasi wa watu 15 na kiwango cha 4. Ni kweli kama anaandika kila kitu, kwa sababu kampuni ya kawaida ingepata wastani wa majeruhi watatu kwa miaka hiyo, na uwezekano wa kukosa wote ni asilimia 5 tu. Sasa tuseme katika kampuni hiyo yanaandikwa majeraha matatu kati ya kila kumi. Wastani wa yanayoandikwa kwa miaka mitano unashuka hadi 0.9, na uwezekano wa daftari kuwa tupu miaka yote mitano unapanda hadi asilimia 41. Miaka mitano ya sifuri imerudi kuwa jambo la kawaida. Kuongeza miaka kunapunguza bahati, lakini hakupunguzi ukimya hata kidogo. Meneja anayekusanya kumbukumbu ndefu kutoka mahali ambapo watu wanaogopa kusema anapata uhakika mkubwa zaidi juu ya jambo lisilo kweli.

Upande wa pili wa hesabu hiyo unaniuma zaidi. Msimamizi mpya anafika, anaacha kuwakaripia watu, anaweka daftari wazi, na sasa yanaandikwa majeraha tisa kati ya kumi. Hakuna aliyeumia zaidi ya zamani, lakini kiwango kimepanda mara tatu. Makao makuu yakimwita ajieleze, wafanyakazi watajifunza somo lao ndani ya wiki moja, na ukimya utarudi.

Namba za majeraha madogo zina kikomo kingine hata zikiandikwa kwa uaminifu. Tarehe 20 Aprili 2010, viongozi wa BP na Transocean walikuwa kwenye mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko, na mojawapo ya mambo yaliyopongezwa siku hiyo ni miaka saba bila jeraha la kumfanya mfanyakazi akose kazi. Usiku huo mtambo ulilipuka na watu 11 wakafa. Kuteleza kwenye ngazi na kudhibiti shinikizo la kisima ni hatari mbili tofauti, na kipimo cha ya kwanza hakikuwa na la kusema kuhusu ya pili.

Meneja afanye nini basi akiwa na waombaji 20 mbele yake? Aanze kwa kukataa kiwango kilicho peke yake. Aombe idadi ya majeruhi na saa za kazi kwa kila mwaka kwa miaka mitatu hadi mitano, wakiwemo vibarua. Kampuni ambayo wastani wake unaotarajiwa haufiki watu watatu kwa kipindi chote isipangwe kwenye orodha ya ushindani hata kidogo, kwa sababu nafasi yake ni ya bahati. Kampuni ndogo za kazi moja zinaweza kujumlishwa pamoja ili kuijua hatari ya kazi hiyo, na jumla hiyo itamwambia mengi kuliko karatasi ya yeyote kati yao.

Kisha apime ukimya. Aangalie uwiano: mahali penye mifupa iliyovunjika lakini pasipo na mikato wala michubuko, mikato haijaandikwa. Alinganishe daftari la ajali na bandeji zilizonunuliwa, na karatasi za zahanati, na siku za kukosa kazi kwenye orodha ya mishahara. Azungumze na vibarua wakati nyapara hayupo, na asiwaulize kama kumetokea ajali. Awaulize nani aliumia mara ya mwisho na alifanyiwa nini. Mahali ambapo kila mtu ana jibu lakini daftari halina mstari, sifuri imeshaelezeka.

Na zaidi ya yote apime vitu vinavyotokea mara nyingi. Kwenye eneo moja la kuezeka anaweza kukagua ngazi 60 kwa asubuhi moja na kuhesabu ngapi hazijafungwa juu, mafundi wangapi wamejifunga mikanda na kuinasa mahali imara, kingo ngapi za paa hazina reli. Akikuta ngazi 30 kati ya 60 hazijafungwa kwa mkandarasi mmoja na tano kati ya 60 kwa mwingine, tofauti hiyo ni kubwa kuliko bahati inavyoweza kuizaa, na ameipata kwa siku moja, kwa kampuni ya watu 15, bila kusubiri mtu aanguke.